Ni au si kwenye kiapo cha majina: sentensi ipi uitie saini

Mzee mmoja kutoka upande wa Bahi aliingia kibandani kwangu, karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, akiwa na karatasi moja iliyokwisha kuchapwa. Hakutaka kuandikiwa kitu. Alitaka nakala tatu tu, apeleke kwa wakili akaapie. Mashine yangu huchelewa kupata moto, na mimi nina tabia mbaya ya kusoma karatasi za watu wakati inapojiandaa. Aya ya tatu ilisomeka hivi: “Kwamba Athumani anayetajwa kwenye kitambulisho na Asumani anayetajwa kwenye cheti cha shule si mtu mmoja.”

“Mzee wangu,” nikamwambia, “hapa unaapa kwamba cheti si chako.”

“Si changu kivipi, mwanangu? Nimekuja kuapa kwamba ni changu.”

Kwa wasiozijua karatasi hizi: kiapo cha majina huandikwa pale ambapo mtu mmoja ana nyaraka mbili zenye majina yanayopishana. Huku kwetu bara jambo hilo ni la kawaida, kwa sababu sauti ya th wengi tunaitamka s, na mwalimu wa miaka ile aliandika alichosikia. Athumani akawa Asumani, Thabiti akawa Sabiti. Miaka inapita, mtu anafuatilia mafao au mirathi, anaambiwa majina hayalingani, nenda kaape. Kiini cha kiapo chote ni sentensi moja ya utambulisho: huyu ni yule. Mengine yote, umri, dini, makazi, ni mapambo ya kuizunguka sentensi hiyo. Na sentensi hiyo husimama juu ya neno lenye herufi mbili.

Nilimuuliza karatasi ameipata wapi. Aliyeiandika alikuwa mpwa wake, na haikuchukua muda kujua kilichotokea. Rasimu ya kwanza ilisema majina hayo “si watu wawili tofauti.” Jirani akaisoma, akashauri kwamba ni afadhali kusema “mtu mmoja.” Mpwa akafungua faili, akafuta “watu wawili tofauti,” akaandika “mtu mmoja,” akahifadhi. Mkia ulibadilika, kichwa kikabaki. Kila neno katika sentensi ile lilikuwa sahihi kwa tahajia na kwa sarufi, ndiyo maana hakuna jicho lililolishtukia. Nimeona kosa hili mara nyingi kuliko kosa la mtu kukosea kuandika “si” badala ya “ni” moja kwa moja. Mtu akili timamu hachanganyi ndiyo na hapana akiwa anaandika. Huchanganya akiwa anarekebisha.

Basi tulikaa na yule mzee, tukaandika sentensi kadhaa kwenye karatasi ya pembeni, kila moja ikisema jambo lilelile analotaka, tukazilinganisha. Nazieleza hapa jinsi tulivyozipima.

Sentensi tano zinazodai kitu kimoja

Ya kwanza ni hii: “Athumani na Asumani ni mtu mmoja.” Ya pili: “Athumani na Asumani si watu wawili tofauti.” Ya tatu: “Asumani si mtu mwingine ila mimi.” Ya nne: “Asumani ndiye mimi.” Ya tano, ambayo mzee mwenyewe aliipendekeza kwa sababu ndivyo anavyosema: “Athumani, Asumani, mtu mmoja.”

Zote tano zinakubali. Hakuna hata moja inayokana kwamba cheti ni chake, ingawa mbili zimebeba “si” tumboni. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu mtu anayesoma haraka hutafuta “si” ili ajue kama kuna ukanushi, na akiiona hudhani kitu kimekanwa. Katika sentensi ya pili kinachokanwa ni uwili, si utambulisho. Katika ya tatu kinachokanwa ni kuwapo kwa mtu mwingine, kisha “ila” inamrudisha mwenyewe. Ukitaka kujua sentensi yenye “si” inakana nini hasa, usitazame neno “si,” tazama kile kinachofuata baada yake, kisha ujiulize: hicho nilitaka kukikataa? Mzee alitaka kuukataa uwili, kwa hiyo sentensi ya pili ilikuwa halali yake. Hakutaka kuukataa umoja, kwa hiyo sentensi aliyokuja nayo haikuwa yake.

Ya tatu ina sauti nzuri, inafaa hotubani. Lakini kwenye kiapo inategemea maneno mawili yashikane: “si” mbele na “ila” nyuma. Ukurasa ukikatika baada ya “Asumani si mtu mwingine,” msomaji anaanza kuwaza mambo ambayo hayapo. Na mtu akiifupisha ikawa “Asumani si mimi,” mambo yameharibika kabisa. Sentensi ambayo ukiifupisha inageuka kinyume chake si ya kuapia.

Ya tano ina historia ndefu katika Kiswahili. Tumezoea kuiacha “ni” pale maana inapojitosheleza. Methali zimejaa mtindo huo: kukopa harusi, kulipa matanga, akili nywele, kila mtu ana zake, baniani mbaya, kiatu chake dawa. Hakuna anayeuliza kama kiatu cha baniani ni dawa au si dawa. Kimya cha mahali pa “ni” husomwa kuwa ni kukubali, sikuzote. Mtu akikwambia “jina langu fulani, kazi yangu ufundi,” humwombi athibitishe. Kwa hiyo sentensi ya mzee ilikuwa sahihi, ila kwenye kiapo nisingeiacha, kwa sababu ambayo naona ndiyo kubwa kuliko zote katika jambo hili.

“Ni” ikidondoka na “si” ikidondoka

Chukua “Athumani na Asumani ni mtu mmoja,” uifute “ni.” Inabaki “Athumani na Asumani mtu mmoja.” Imekuwa ya mtaani kidogo, lakini bado inadai kilekile. Sasa chukua “Mnunuzi na muuzaji si ndugu,” uifute “si.” Inabaki “Mnunuzi na muuzaji ndugu,” nayo inakubali. Yaani “ni” ikipotea sentensi inachechemea, “si” ikipotea sentensi inageuka. Maneno haya mawili yanafanana kwa umbo na kwa nafasi, wala hayabadiliki kwa nafsi wala kwa ngeli: mimi ni, wao ni, kiwanja ni, viwanja ni, na vivyo hivyo kwa si. Vitabu vya shule huviweka fungu moja, vitenzi vishirikishi, na tulipokuwa tukichanganua sentensi darasani tuliviandikia t ndogo vyote viwili. Lakini kwa hasara ya kupotea, si pacha hata kidogo.

Vitenzi vya kawaida vina kinga ambayo “si” haina. Tazama “inauzwa” na “haiuzwi.” Ukanushi umewekwa mara mbili, “ha” mwanzoni na “i” mwishoni. Ukifuta “ha,” unabaki na “iuzwi,” ambalo si neno, na msomaji anajua mara moja kwamba kuna kilichodondoka. Umeona zile kuta za nyumba zilizoandikwa kwa rangi kubwa NYUMBA HII HAIUZWI, ili matapeli wasiipige mnada mwenyewe akiwa safarini? Aliyeandika hivyo, kwa kujua au kwa kutojua, alichagua vizuri. Angeandika NYUMBA HII SI YA KUUZWA, mvua mbili za Januari zikafuta SI, ukuta wake ungekuwa dalali.

Na “si” ina njia zake za kudondoka. Ya kwanza ni jirani anayefanana nayo. Neno la kabla likiisha na “-si,” macho na vidole huona silabi imerudiwa, na moja hufutwa kama uchafu. “Mmiliki halisi si huyu” inakuwa “Mmiliki halisi huyu.” “Sisi si wamiliki wa kiwanja” inakuwa “Sisi wamiliki wa kiwanja.” Mbaya zaidi ni “Waliouza kiwanja si sisi,” kwa sababu hapo “si” zimefuatana tatu. Futa moja kimakosa, inabaki “Waliouza kiwanja sisi.” Hayo ni maungamo.

Njia ya pili ni mwisho wa mstari. “Si” ikikaa peke yake kwenye ukingo wa kulia, na nakala ikatolewa ikiwa imepinda kidogo, inakatwa. Kwenye Word kuna dawa: badala ya nafasi ya kawaida kati ya “si” na neno linalofuata, bonyeza Ctrl+Shift+Space, na maneno hayo mawili hayatatengana tena hata mstari ukihama.

Ya tatu ni kuunganisha. Vijana huandika “nimwalimu,” “simwalimu,” kwa mazoea ya ujumbe wa simu. “Ni” na “si” zikiwa vishirikishi husimama peke yake. Zikigandishwa, huingia kwenye eneo la viambishi vya nafsi ya kwanza, “nimeuza” na “siuzi,” na msomaji analazimika kurudi nyuma kupembua. Si kosa linalogeuza maana mara nyingi, ila linachosha.

Kutokana na haya yote ushauri wangu ni huu, na ndio niliompa mzee: kama jambo lako laweza kusemwa kwa “ni,” liseme kwa “ni.” Kama ni lazima ukane, tafuta kwanza kitenzi kinachobeba “ha-” na ukitumie badala ya “si.” “Muuzaji hana udugu na mnunuzi” ina nguvu kuliko “muuzaji si ndugu wa mnunuzi.” “Hatumiliki kiwanja hiki” ina kinga kuliko “sisi si wamiliki.” “Si” iachie pale ambapo hakuna kitenzi kingine kinachosema kitu kilekile bila kukipinda.

Ndiye, siye, na hiyo “sio” ya kila siku

Ya nne, “Asumani ndiye mimi,” ilimpendeza mzee kwa uzito wake. “Ndi-” haielezi tu, inachagua. Tofauti yake na “ni” huonekana vizuri ukiweka pande zote nne pamoja:

| | Kueleza | Kuchagua mmoja |
|---|---|---|
| Kukubali | Huyu ni mmiliki. | Huyu ndiye mmiliki. |
| Kukana | Huyu si mmiliki. | Huyu siye mmiliki. |

“Huyu ni mmiliki” inaacha mlango wazi: huenda wako wamiliki wengine, ndugu zake watatu kwa mfano. “Huyu ndiye mmiliki” inaufunga mlango. Upande wa kukana, “huyu si mmiliki” inamwondolea huyu sifa ya umiliki na kuishia hapo. “Huyu siye mmiliki” inadokeza kwamba mmiliki yupo, lakini umemshika mtu mwingine. Kwenye shauri la kiwanja, tofauti ya “si” na “siye” ni kati ya kusema “mimi sihusiki” na kusema “anayehusika namjua.” Usiapie ya pili kama hujajiandaa kuulizwa jina.

Umbo hili hufuata ngeli. Cheti ndicho, sicho. Kiwanja hivyo hivyo. Jina ndilo, silo. Majina ndiyo, siyo. Nyumba moja ndiyo, siyo. Nyumba nyingi ndizo, sizo. Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi, kwa sababu makao ni ya-. Lakini Dodoma ndio mji mkuu, kwa sababu mji ni u-. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, na hadi leo bado nakutana na mabango yanayobishana kuhusu herufi hiyo moja ya y.

Mtaani kwetu mambo ni mepesi zaidi: “sio” imemeza zote. “Hiki sio cheti changu,” “yeye sio ndugu yangu,” “leo sio Jumatatu.” Wengine huandika “siyo” kwa kazi hiyohiyo. Sina ugomvi na mtu anayeongea hivyo, nami naongea hivyo nikiwa Sabasaba nachagua nyanya. Kwa upande wa kuthibitisha kukubali au kukana, “sio” hata ina faida: ni silabi mbili, inasikika, na haimezwi na “-si” ya neno la kabla. “Mmiliki halisi sio huyu” haidondoki kirahisi kama “mmiliki halisi si huyu.” Lakini kwenye karatasi ya kiapo inafuta tofauti ya kueleza na kuchagua niliyoionyesha juu, na msomaji makini atajiuliza ulikusudia ipi. Kwenye hati andika “si” ukieleza, na umbo kamili la ngeli ukichagua.

Tatizo la “Asumani ndiye mimi” lilikuwa dogo lakini lilitosha kuiangusha. Inaonekana kama inajibu swali “Asumani ni yupi kati yenu?” na hakuna aliyeuliza hivyo. Hakukuwa na Asumani wengine waliosimama foleni. Aidha, nafsi ya kwanza ina umbo lake, “ndimi,” na mzee akaanza kuniuliza kama tuandike “ndiye mimi” au “ndimi.” Sentensi inayozua swali kabla haijafika kwa wakili tuliiweka kando.

“Si” ambayo haikani

Wakati tunaandika upya, nilimwomba mzee aseme kwa maneno yake mwenyewe, niandike anavyotamka. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza jambo lililo wazi: “Si mimi huyo huyo Asumani! Si nilisoma pale mpaka darasa la saba!”

Ukiyasikia maneno hayo huna shaka. Anakubali, tena kwa nguvu. Hii ni “si” ya kumkumbusha mwenzio jambo analopaswa kulijua, ile ya “si nilikwambia!” na “si twende basi!” Haikani chochote. Lakini nilipoyaandika kama yalivyo, nikaondoa alama ya mshangao kwa kuwa kwenye kiapo haifai, yakawa: “Si mimi huyo huyo Asumani. Si nilisoma pale mpaka darasa la saba.” Sauti ilibaki kibandani, karatasini ukabaki ukanushi mtupu. Anayechukua maelezo ya mtu kwa mdomo, awe karani, mjumbe au mtendaji, aiogope “si” hii kuliko zote.

Njia ya kuzitenganisha ni kuongeza “bali.” “Si” inayokana kweli inaikubali: “Huyu si Asumani, bali ni kaka yake.” “Si” ya kukumbusha inaikataa: “Si nilikwambia, bali…” halafu hakuna pa kwenda. Njia nyingine ni kuihamisha sentensi kwenye wakati uliopita. “Ni” itakuwa “alikuwa,” “si” ya kukana itakuwa “hakuwa,” na ukanushi utajitokeza hadharani na “ha-” yake. “Si” ya kukumbusha haihami, inabaki ilivyo: “Si alikuwa Asumani huyo!” Kipimo hiki cha wakati uliopita nakitumia pia kwa sentensi zangu mwenyewe zikianza kunichanganya. “Asumani na Athumani si mtu mmoja” ikigeuzwa inakuwa “hawakuwa mtu mmoja,” na hapo hata aliyesinzia anaona kosa.

“Si” hiyohiyo husumbua kwenye maswali. Fikiria unaulizwa: “Huyu Asumani si wewe?” nawe ukajibu “Ndiyo.” Umethibitisha nini? Anayeisikia “si” kama ya kukumbusha ataandika kwamba umekubali kuwa ndiwe. Anayeisikia kama ya kukana ataandika kwamba umekubaliana naye kuwa si wewe, maana kwa Kiswahili “ndiyo” hukubaliana na maneno ya muulizaji yalivyo, hata yakiwa ya kukana. Ukijibu “hapana” hali ni ileile, imepinduliwa tu. Nilimweleza mzee kwamba mbele ya wakili asijibu “ndiyo” wala “hapana” pekee kwa swali lenye “si.” Ajibu kwa sentensi: “Ni mimi.” Na wewe unayeuliza, uliza kwa “je” na “ni”: “Je, Asumani ni wewe?” Swali la hivyo lina majibu mawili tu, na kila moja lina maana moja.

“Yote” ikikutana na “si”

Kulikuwa na tatizo moja zaidi kwenye karatasi ile, na hili mpwa hakuligusa, lilikuwamo tangu mwanzo. Cheti cha mzee kilikuwa na jina la tatu, mahali pa jina la babu, ambalo mzee halitumii wala halijui lilikotoka. Karatasi ikasema: “Majina yote matatu si yangu.”

Isome polepole. Yaweza kumaanisha kwamba hakuna hata moja lililo lake. Yaweza pia kumaanisha kwamba si yote, mawili ni yake na moja silo. Methali yetu ya vyote ving'aavyo si dhahabu ina mwanya huohuo, ila tunaielewa kwa sababu tunajua dhahabu ipo na inang'aa. Wakili hamjui babu wa mzee. “Si” ikikaa baada ya “yote,” maana inayumba. Ikitangulia, inatulia: “Si majina yote matatu ni yangu” ina maana moja, kwamba lipo lisilo langu. Na ukitaka kukana yote, acha “yote,” sema “Hakuna hata moja kati ya majina haya lililo langu.”

Kwa mzee hatukuandika hata moja kati ya hizo. Tuliyataja majina yenyewe: majina mawili ya kwanza ni yangu, la tatu silo langu. Huwezi kuyumba ukiwa umetaja kitu kwa jina lake.

“Lazima” ina tabia inayokaribiana na hii. “Si lazima aje” inampa mtu hiari, “ni lazima asije” inamfungia mlango, na nimeona barua ya kikao cha familia ambayo ilikusudia ya kwanza ikaandika ya pili. Shangazi aliyepewa hiari alielewa amefukuzwa.

Tulivyoikagua mwishowe

Sentensi tuliyoichagua ilikuwa ya kwanza, ikiwa imeongezwa uzito kidogo: “Kwamba Athumani anayetajwa kwenye kitambulisho na Asumani anayetajwa kwenye cheti cha shule ni mtu yuleyule mmoja, ambaye ni mimi muapaji.” Ilishinda kwa sababu haina “si” hata moja, na kwa sababu hata “ni” zote mbili zikifutika, kinachobaki bado kinamtambulisha yeye. “Yuleyule” niliiongeza kwa kuwa “mtu mmoja” peke yake kwa Kiswahili huweza kusomwa kama “mtu fulani,” vile tunavyoanza hadithi. “Ambaye ni mimi muapaji” niliiongeza kwa sababu kusema majina mawili ni ya mtu mmoja hakujasema mtu huyo ni nani.

Kisha nikafanya ukaguzi ninaoufanya kwa kila karatasi ya aina hii. Nafungua Ctrl+F, natafuta “si,” na naweka alama kwenye chaguo la kutafuta neno zima, vinginevyo kompyuta inaniletea basi, sisi, sina na nafasi zote za ukurasa. Kila “si” inayotokea naisoma pamoja na neno linalofuata tu, bila sentensi nzima: si mtu mmoja, si ndugu, si yangu. Nikiisoma hivyo, ikiwa imevuliwa nguo, najua kama mwenye karatasi alitaka kukikataa kitu hicho. Kwenye karatasi ya zamani ya mzee zilitoka tatu. Mbili zilikuwa na makosa. Ya tatu ilisema kwamba yeye si mtumishi wa umma, na hiyo ilikuwa kweli, ila niliibadilisha ikawa “sijawahi kuwa mtumishi wa umma” baada ya kumuuliza, kwa kuwa “si” inazungumzia leo tu, na mtu aliyestaafu juzi naye angeweza kuapa hivyohivyo bila kusema uongo.

Mwisho nikamsomea kwa sauti, nikimwangalia usoni badala ya karatasi. Kwenye “ni mtu yuleyule mmoja” aliitikia kwa kichwa. Kwenye “la tatu silo langu” alinyoosha mkono kunisimamisha.

“Hapo subiri, mwanangu. Silo langu, lakini sijalikana. Huenda ni la babu kweli.”

Nikaifuta, tukaandika “la tatu silitumii.” Kitenzi chenye “si-” ya nafsi yake, hakigusi ni la nani. Akalipa nakala tatu, akakunja karatasi ya zamani mara nne, akaomba kiberiti.